Pale Upepo Unapovunjika Juu ya Paneli ya Sola

Paneli ya sola hununuliwa kwa ajili ya jua, na jua hilohilo ndilo linaloipunguzia nguvu. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mgongoni hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za selsiasi. Juu ya paa la bati la Mombasa au Unguja, saa saba mchana, seli huvuka nyuzi 50 bila taabu, na kwa kila nyuzi inayozidi 25 paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu yake. Kinachoiokoa ni upepo. Kiasi gani inaokolewa, hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu upepo uleule, kwa kasi ileile, unaweza kuondoa joto mara tatu zaidi kutegemea namna unavyopita juu ya kioo.

Tuchukue paneli moja yenye urefu wa mita 1.7, imelala karibu bapa, na kusi inavuma kwa mita 6 kwa sekunde kuelekea urefu wake. Hewa ina nyuzi 30, kioo kina nyuzi 50 na ushei. Joto la kioo linaingia kwenye hewa inayokigusa, na hewa hiyo inasukumwa na kusi kwenda zake. Wanafizikia huuita uhamishaji wa namna hii myuko wa kusukumwa, tofauti na ule wa hewa moto inayopanda yenyewe siku isiyo na upepo.

Mtu angedhani hewa ya mita 6 kwa sekunde inakikwangua kioo kwa kasi hiyo yote. Sivyo. Hewa inayogusa kioo haiendi kabisa, imenata. Iliyo juu yake inajikokota, ya juu zaidi inakwenda mbio kidogo, mpaka milimita chache juu ya kioo ndipo upepo unapokuwa na kasi yake kamili. Kitabaka hicho cha hewa iliyocheleweshwa kilielezwa na Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1904, katika mkutano wa wanahisabati huko Heidelberg, na wahandisi wanakiita tabaka la mpaka. Miaka minne baadaye mwanafunzi wake, Heinrich Blasius, alikokotoa umbo lake juu ya bamba bapa.

Tabaka hili huanza likiwa jembamba kwenye ukingo unaokabili upepo, kisha hunenepa kadiri upepo unavyosonga mbele. Kwa paneli yetu, sentimita 10 kutoka ukingoni lina unene wa milimita 2.7 hivi. Kufikia mita 1.45, limefika sentimita moja. Hewa tulivu ni kizuizi kizuri cha joto, ndiyo maana unene huo una gharama.

Gharama yenyewe hupimwa kwa namba iitwayo kizigeu cha uhamishaji joto: ni wati ngapi zinaondoka katika kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ambayo kioo kimeizidi hewa. Pale sentimita 10 kutoka ukingoni, kizigeu ni 15. Kwenye mita 1.4 kimeanguka hadi 4. Paneli ni ileile na upepo ni uleule, lakini sehemu ya nyuma inapozwa karibu mara nne chini ya sehemu ya mbele.

Halafu, ghafla, mambo hugeuka. Aliyewahi kuutazama moshi wa udi ukitoka kwenye chetezo ndani ya chumba kisicho na upepo amekwisha kuona jambo la namna hii: moshi hupanda kama uzi ulionyooka, kisha kwa urefu fulani unajikunja, unatetemeka na kusambaratika. Hewa iliyo juu ya kioo nayo huanza kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine bila kuchanganyika. Mawimbi madogo yakianza kukua ndani yake, utulivu huo hauwezi kudumu. Vinazuka vidoa vya msukosuko hapa na pale, vinatanuka, vinaungana, na baada ya hapo tabaka zima ni vurugu ya vimbunga vidogo.

Kwa anayetaka kupoza kitu, vurugu hiyo ni neema. Vimbunga vinaichota hewa baridi kutoka juu na kuishusha hadi karibu kabisa na kioo, na hewa moto vinaipeleka juu. Katika paneli yetu, kizigeu kilichokuwa 4 kwenye mita 1.4 kinaruka hadi karibu 18 mara msukosuko ukishatawala. Sehemu iliyokuwa na joto kuliko zote inakuwa jirani na sehemu inayopozwa vizuri sana.

Utulivu huvunjika wapi? Wahandisi hutumia namba ya Reynolds, iliyopewa jina la Osborne Reynolds, ambaye mwaka 1883 huko Manchester alimimina uzi wa rangi katika bomba la kioo lililojaa maji yanayotiririka na kutazama ni lini uzi unavunjika. Kwa bamba bapa, namba hiyo ni kasi ya upepo kuzidisha kwa umbali kutoka ukingoni, kisha kugawanya kwa mnato wa hewa (mnato ukiwa umekwisha kugawanywa kwa densiti). Vitabu vya uhandisi huweka mpaka kwenye 500,000. Hewa yenye joto la kati ya kioo na upepo, yaani nyuzi 43 hivi, ina mnato wa 0.0000174. Hivyo 6 × 1.45 ÷ 0.0000174 inatoa 500,000 kamili. Mita 1.45 za kwanza ni tulivu, na sentimita 25 za mwisho ndizo za msukosuko.

Mwenye paneli, hata hivyo, hana haja na kizigeu cha kila sentimita. Anataka kimoja cha paneli nzima, na hicho ni wastani: vizigeu vyote vinajumlishwa kuanzia ukingo hadi ukingo, kisha jumla inagawanywa kwa urefu. Kama tabaka lingebaki tulivu hadi mwisho, wastani ungekuwa 7.3, ambao ni mara mbili ya kizigeu cha ukingo wa nyuma. Hii ni sifa nzuri ya mtiririko tulivu inayorahisisha hesabu. Tukihesabu sentimita 25 za msukosuko, wastani unapanda hadi 9.4. Lakini tabaka likivurugika tangu ukingo wa mbele, wastani unafika 21.8.

Hebu tuzigeuze namba hizo kuwa nyuzi za joto. Tuseme baada ya kuondoa umeme unaozalishwa, mionzi inayorudi angani na joto linalotokea mgongoni, zimebaki wati 300 kwa kila mita ya mraba ambazo ni lazima upepo wa juu uzichukue. Kwa kizigeu cha 9.4, kioo kitaizidi hewa kwa nyuzi 32. Kwa 21.8, kitaizidi kwa nyuzi 14 tu. Paneli moja ina nyuzi 62, nyingine 44, na tofauti ya umeme baina yao ni kama asilimia 6 au 7. Kwa kweli pengo litakuwa dogo kidogo kuliko hapo, maana paneli yenye joto zaidi hutoa pia mionzi mingi zaidi. Hata hivyo, halipotei.

Ipi kati ya hesabu hizo mbili ndiyo ya paani? Jibu la uaminifu ni kwamba ile 500,000 si sheria ya maumbile. Ni makubaliano ya kazi. Katika miaka ya 1940, Schubauer na Skramstad, watafiti wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani huko Washington, waliituliza hewa ya handaki lao la upepo kwa uangalifu mkubwa, wakakuta utulivu juu ya bamba unadumu hadi Reynolds ya karibu milioni 2.8. Ukiileta namba hiyo kwenye paneli yetu, msukosuko ungeanza mita 8 kutoka ukingoni, nje kabisa ya paneli. Kinyume chake, upepo uliokuja ukiwa umechafuka tayari unaweza kuvunja utulivu mapema mno.

Na upepo wa mitaani umechafuka. Umepita juu ya minazi, matangi ya maji, antena na bati la jirani. Zaidi ya hapo, paneli si bamba jembamba lenye ukingo mkali kama la vitabuni. Ina fremu ya alumini yenye kimo cha sentimita tatu au nne, na mdomo wa fremu hiyo umeinuka kidogo juu ya kioo. Upepo ukigonga kimo hicho unaachana na uso, unazunguka, kisha unarudi kuugusa ukiwa umekwisha kuvurugika. Ndiyo sababu mhandisi mzoefu wa sola haanzi na ile 9.4. Mwaka 1977 Watmuff na wenzake walitoa kanuni nyepesi ya vikusanya jua: zidisha kasi ya upepo kwa 3, ongeza 2.8. Kwa mita 6 kwa sekunde inatoa 20.8, jirani sana na hesabu yetu ya msukosuko tangu mwanzo. Kukaribiana huko kusichukuliwe kuwa ushahidi kamili, kwa kuwa kanuni yenyewe haiulizi paneli ina urefu gani, jambo ambalo hesabu ya tabaka la mpaka haiwezi kulipuuza.

Anayetaka kujua kinachotokea paani kwake anaweza kubandika vihisi joto vinne au vitano mgongoni mwa paneli, kwa mstari mmoja unaofuata upepo, akaacha kuzisogelea kingo kabisa kwa sababu fremu nayo hunyonya joto. Kama joto linapanda taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, kisha linashuka ghafla, hapo utulivu umevunjika. Kama limekaa karibu sawa mstari mzima, msukosuko ulianza ukingoni. Zoezi hili lataka siku ya upepo wa kutosha: chini ya mita moja au mbili kwa sekunde, hewa moto inayopanda yenyewe huanza kushindana na upepo, na hesabu zote za hapo juu hulegea.

Suala la wapi utulivu unavunjika hupoteza makali paneli zikipangwa safu ndefu. Zikifungwa kichwa kwa mguu hadi mita 10, bila nafasi kati yake, upepo unaziona kama bamba moja. Mita 1.45 tulivu za mwanzo zinakuwa sehemu ndogo tu ya safari, hivyo wastani ni 13.2 kwa mpaka wa vitabu na 15.3 kwa msukosuko tangu ukingoni. Pengo lililokuwa la zaidi ya mara mbili sasa ni la asilimia 16 hivi. Lakini namba zote mbili ziko chini ya 21.8 ya paneli moja iliyovurugwa, kwa sababu tabaka la msukosuko nalo hunenepa likienda mbali. Fundi anayeacha mwanya wa kutosha kati ya paneli na paneli hukata tabaka hilo njiani, na kila ukingo mpya unaokabili upepo hulianzisha upya likiwa jembamba.