Juu hakuna kichwa cha habari

Barua ilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ya pili iliomba kiambatanisho kipokewe, na ya tatu ilitanguliza shukrani. Pale juu, ambapo kichwa cha habari kilipaswa kuwa, kioo cha simu kilikuwa kimeandika (no subject).

Simu ilikuwa ya dada mmoja niliyekuwa nimemfuata ofisini kwake Dar es Salaam kwa habari nyingine kabisa, ya bei za vifurushi. Ni msimamizi wa huduma kwa wateja katika kampuni inayouza intaneti ya majumbani. Ameomba nisimtaje yeye wala kampuni. Alikuwa na nafasi mbili za kujaza, na tangazo lilikuwa limewataka waombaji watume CV kwa barua pepe, basi. Huku akinijibu maswali yangu alikuwa akiteremsha sanduku la barua kwenye simu, majina ya watu ameyafunika kwa kiganja, na mimi nikaanza kusahau vifurushi. Mstari baada ya mstari ulisema neno lilelile: husika, husika, rejea, husika.

Aliyesoma shule zetu anaijua barua hiyo. Anwani mbili, tarehe, "YAH" kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kisha husika. Kwenye karatasi inakaa vizuri kabisa, kwa sababu kichwa kipo na jicho linakiona. Kwenye barua pepe kichwa kina kisanduku chake peke yake, na vijana wengi wanakiruka.

"Tazama ninachokiona mimi kabla sijafungua chochote," aliniambia, akaisogeza simu. "Jina la mtumaji, mada, halafu maneno machache ya mwanzo wa barua. Hayo tu. Sasa kama mada haipo, na maneno ya mwanzo ni husika na kichwa cha habari, huyu mtu ameniambia nini? Hata nafasi anayoiomba siijui. Tumetangaza na ya udereva wiki hiihii."

Nikamuuliza kama si uonevu kumpima kijana kwa mistari mitatu wakati wasifu wenyewe umeambatanishwa. Hakukasirika. Alinizungushia kompyuta yake nione foleni ya malalamiko ya wateja: mmoja intaneti imekatika tangu asubuhi, mwingine amelipia mara mbili, mwingine anatukana bila kusema tatizo.

"Kaka, kazi ninayoajiri ni hii. Mtu anakaa hapa anajibu maandishi kutwa nzima. Mteja kaandika, wewe unasoma anataka nini, unamjibu kwa sentensi nne au tano zinazoeleweka, unamwachia namna ya kukupata. Ukimwandikia mteja 'husika na kichwa cha habari hapo juu' ataandika tena, kwa hasira zaidi. Kwa hiyo ile barua ya kusindikiza CV, kwa nafasi ya uhasibu labda ni adabu tu. Kwangu mimi ni kazi yenyewe. Ndiyo sampuli ya kwanza ya mkono wake, na kwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa ndiyo sampuli pekee niliyonayo."

Ndipo akanionyesha kitu kilichonikera zaidi ya husika. Barua kadhaa zilikuwa zimetoka kwenye anwani moja, yenye jina la duka la stesheni.

Tunazijua stesheni zetu: fotokopi, picha za pasipoti, kulaminisha vyeti, na kijana mmoja nyuma ya kompyuta anayechapa barua za watu. Mwombaji asiye na kompyuta anakwenda pale, anachapiwa wasifu, na kwa sababu amesahau nywila ya barua pepe yake, au hajawahi kuwa nayo, anaambiwa usijali, natuma kwangu. Barua inaondoka. Mwajiri akibonyeza kujibu, jibu linakwenda stesheni, na hapo bahati nasibu inaanza. Dada huyu aliwahi kumwandikia mwombaji amthibitishie siku ya usaili. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili, kutoka kwa mwenye duka, likiuliza ni nani huyo anayetafutwa.

Kuna baya zaidi. Mchapaji mwenye foleni haandiki barua mpya. Anafungua aliyotuma jana, anabonyeza kusambaza, anabadilisha kiambatanisho, anatuma. Maneno ya mteja wa jana yanabaki chini. Dada amepokea barua ambayo juu ina wasifu wa mvulana, na chini inajieleza kuwa "binti wa Kitanzania mwenye afya njema na akili timamu". Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini pale kaunta jina, namba ya simu na umri wa mtu vinasafiri kwenda ofisi ambazo mwenyewe hakuziomba.

"Mimi siwahukumu hao," alisema. "Nimetokea hukohuko. Ila nitawaambia kitu kimoja: hata ukichapiwa stesheni, omba faili likae kwenye simu yako, utume mwenyewe kwa anwani yako. Na ujitumie kwanza wewe. Ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone inafunguka."

Hilo la kufunguka lina sababu. Wapo wanaopiga picha kila cheti kwa kamera ya simu, picha kubwa kubwa, wakaziambatanisha zote. Gmail inabeba hadi MB 25 kwa barua moja. Zikizidi, yenyewe inaziweka Google Drive na kutuma kiungo. Mtumaji asipotoa ruhusa, mwajiri akikigusa anakutana na ombi la kusubiri aruhusiwe. Mwenye barua nyingi za kusoma hasubiri. Tangazo lilitaka wasifu tu, kwa hiyo faili moja la PDF la kurasa mbili, lenye jina la mtu, lingetosha. Dada ana mafaili mengi yanayoitwa CV mpya, CV final na Scan0001. Akiyapakua yote kwenye folda moja, hajui lipi la nani.

Nilitaka kuona iliyompendeza. Alinionyesha moja, na baadaye mwenyewe aliyeiandika, binti wa Tegeta, akakubali niichape bila jina lake na vitu viwili vitatu vikiwa vimebadilishwa. Kwenye mada aliandika: Maombi ya kazi: Huduma kwa Wateja, kisha majina yake mawili. Chini yake hivi:

"Habari za kazi. Naomba nafasi ya huduma kwa wateja mliyoitangaza Jumatatu. Nimemaliza stashahada ya biashara mwaka jana na bado sijaajiriwa popote. Kwa miezi minane nimekaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa cha mama mdogo. Mteja akikosea namba ya kutuma pesa, alikuwa anaanzia kwangu. Nilikuwa nasoma naye ujumbe wa muamala, tunapiga mtandao pamoja, na kama pesa imeshatolewa upande wa pili namwambia ukweli bila kumzungusha. Naweza kufanya zamu zote, hata ya usiku. CV yangu nimeiambatanisha. Napatikana kwa simu iliyo hapa chini, kuanzia saa mbili asubuhi. Asanteni."

Dada aliisoma kwa sauti, akarudi kwenye sentensi ya mteja aliyekosea namba. "Hapa ndipo nilipomwita. Huyu anajua kwamba muamala ukishatolewa upande wa pili kuurudisha ni shughuli, na anajua kumwambia mtu mwenye hasira habari mbaya. Hilo mimi namfundisha mtu miezi. Ungedhani angeliweka juu kabisa ya CV."

Kwenye CV halikuwapo. Nilipozungumza na binti kwa simu, aliniambia kibanda si kazi: hakuwa na mkataba wala mshahara, alikuwa anamsaidia mama mdogo tu. Barua ya kwanza aliyoiandika ilikuwa inasema hana uzoefu wowote ila ni mchapakazi na anajifunza haraka. Kaka yake ndiye aliyemuuliza, sasa kule kibandani huwa unafanya nini? Akaifuta, akaanza upya.

Hapo dada ana neno kali. Sifa kama mchapakazi, mwaminifu na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, anasema, huwa anazipita kama hazipo, kwa sababu kila mtu anazo na hakuna anayeweza kuzipima. Sentensi moja ya kitu mtu alichokifanya, na mteja akatoka vipi, inamtosha. Aliyeuza kwenye duka la shangazi anayo. Aliyekuwa akipokea michango ya harusi na kuwakumbusha wasiotoa anayo pia, na hiyo, kwa maneno yake, ni kazi ya kuongea na wateja wagumu kuliko wote.

Neno la zamu nalo halikumponyoka. Kituo chao kinapokea simu hadi usiku, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nyongeza yake ya malipo ipo. Wengi hufika kwenye usaili, ndipo hujua kwamba kuna zamu ya usiku, wakaondoka. Binti alikuwa amelimaliza swali kabla halijaulizwa.

Kuna jambo sikulipatia jibu. Tangazo la kampuni hiyo liliandikwa kwa Kiingereza, ilhali malalamiko niliyoyaona kwenye foleni yalikuwa ya Kiswahili tupu. Binti alijibu kwa Kiswahili. Nilimuuliza dada kama wengine wanaofungua barua hizo kabla yake wangemvusha. Alifikiri, kisha akasema tangazo linaandikwa na ofisi nyingine. Na je, wangapi wenye mikono mizuri ya kazi wanaishia kwenye anwani ya stesheni? Hakuna anayewahesabu.

La mwisho nilimuuliza kuhusu walioachwa. Wanajibiwa nini?

Alicheka kidogo, akaangalia pembeni. "Hatujibu. Tunaandika kwenye tangazo kwamba tutawapigia waliochaguliwa tu."

Kwa hiyo kitengo kinachowachuja vijana kwa ustadi wa kujibu barua chenyewe hakijibu barua. Simlaumu yeye peke yake. Ni desturi ya ofisi nyingi mjini. Lakini Gmail ina jibu la kujiendesha lenyewe, linawekwa mara moja kwenye mipangilio na halina gharama: tumeipokea, usaili ni wiki fulani, usipopigiwa hadi tarehe fulani ujue nafasi zimejaa. Waajiri wenye sanduku kama hilo, wekeni jibu hilo kabla ya tangazo lijalo.