Mertesacker: Beki aliyepumua Ujerumani ilipofungwa

DORTMUND, Julai 4, 2006. Ujerumani, wenyeji wa Kombe la Dunia, wanachapwa 2-0 na Italia kwenye nusu fainali. Fabio Grosso na Alessandro Del Piero wanafunga mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza, na nchi nzima inalia.

Per Mertesacker, beki wa kati mwenye miaka 21 wakati huo, naye aliumia. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine, ambacho alikificha kwa karibu miaka 12: alipumua. Hatimaye ilikuwa imeisha.

Machi 2018, akiwa nahodha wa Arsenal, aliliambia jarida la Ujerumani la Der Spiegel kwamba siku ya mechi tumbo lilimharibikia asubuhi. Sekunde chache kabla ya filimbi, kichefuchefu kilimpanda kama anayetaka kutapika, akageuza kichwa pembeni ili kamera zisimnase.

Na huyo si mchezaji wa kubabaisha. Amecheza mechi 104 za timu ya taifa na amebeba Kombe la Dunia 2014. Alichokiogopa hakikuwa kupoteza mechi, bali kufanya kosa moja litakalozaa bao.

Kwa beki, hesabu hiyo ni ngumu. Straika akikosa mara nne akafunga ya tano, anaimbwa. Beki akicheza vizuri dakika 89 akateleza moja, hiyo moja ndiyo itakayorudiwa kwenye televisheni wiki nzima. Anayeingia uwanjani akitaka asikosee kabisa hana bao la kusherehekea. Akishinda, ameponea tu, na Jumamosi ijayo anaanza upya. Ndiyo maana Mertesacker alisema hata majeraha yalimpa nafuu: ilikuwa sababu pekee ya kupumzika bila kuulizwa maswali.

Kauli zake hazikupokewa vizuri na wote. Lothar Matthaus, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1990, alihoji mtu wa namna hiyo atawaongozaje vijana. Mertesacker alikuwa ameshapangiwa kuongoza akademi ya Arsenal, na kazi hiyo akaianza baada ya kustaafu mwaka huohuo.

Lakini rudia kuitazama fainali ya Kombe la FA ya Mei 27, 2017 pale Wembley. Mertesacker alikuwa hajaanza mechi hata moja msimu mzima kwa sababu ya goti. Akapangwa dhidi ya Chelsea, mabingwa wa England, akambana Diego Costa, na Washika Bunduki wakashinda 2-1. Wengi walisema alikuwa miongoni mwa waliong'ara zaidi siku ile.

Hakuna shabiki aliyeona hofu. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo: anayeogopa kukosea mara nyingi hakosei, hivyo hakuna anayemuuliza kama yuko sawa.