Ridhaa si idhini: Namna ya kuandika katika kumbukumbu kwamba mkutano ulirekodiwa

KATIKA vikundi vingi vya kuweka na kukopeshana pesa, katibu wa siku hizi haji mkutanoni na daftari na kalamu peke yake. Anaweka simu mezani, anabonyeza, anasema, "Nisije nikasahau kitu," na mkutano unaendelea. Mara chache mtu huuliza swali. Na kumbukumbu zikija kusomwa mwezi unaofuata, hazina hata sentensi moja inayotaja kwamba sauti za watu zilichukuliwa.

Tuseme tuko Chwele, eneobunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma. Tuchukue kikundi cha kina mama 19 wauzao vitunguu, nyanya na kuku pale sokoni. Sababu ya katibu wao kurekodi ni ya kweli kabisa. Wanachama huanza sentensi kwa Kiswahili, wakaimalizia kwa Kibukusu, na mmoja au wawili kutoka upande wa Mlima Elgon huchanganya na Kisabaoti. Katibu anatakiwa kuyaandika yote kwa Kiswahili sanifu, tena kwa wakati uliopita na kwa usemi wa taarifa. Hawezi kusikiliza, kutafsiri na kuandika kwa pigo moja. Simu inamsaidia kurudi nyuma na kuhakikisha kama mwekahazina alisema elfu sita au elfu sitini.

Shida si simu. Shida ni neno ambalo katibu analichagua anapoeleza jinsi ruhusa ilivyopatikana. Wengi huandika hivi: "Mwenyekiti aliidhinisha mkutano urekodiwe." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Kimaana, imempa mwenyekiti mamlaka asiyokuwa nayo.

Idhini na ridhaa yote ni maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu, na katika mazungumzo tunayabadilisha kama mtu abadilishaye mkono wa kushikia kikapu. Lakini idhini hutoka kwa mwenye cheo au mwenye mamlaka: mwalimu mkuu huidhinisha safari, mwenyekiti huidhinisha matumizi. Ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe juu ya jambo linalomhusu yeye. Mwenyekiti anaweza kuidhinisha matumizi ya simu katika mkutano anaouongoza. Hawezi kuridhia kwa niaba ya mama aliyeketi kwenye kona sauti yake ichukuliwe. Kwa hivyo kumbukumbu nzuri huwa na yote mawili, kila moja na mtendaji wake.

Kuna mtego mwingine wa herufi moja tu. Nimesoma kumbukumbu zisemazo, "Wanachama waliridhika kurekodiwa." Kuridhika ni kutosheka, kuwa na moyo uliotulia. Kuridhia ni kukubali jambo. Mtu anaweza kuridhia kurekodiwa ilhali hajaridhika hata kidogo. Na anaweza kuwa ameridhika na mkutano mzima bila kujua kwamba simu ilikuwa ikisikiliza. Kitenzi tunachokitaka hapa ni waliridhia.

Sheria nayo iko upande wa ridhaa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafafanua ridhaa kuwa jambo la wazi, la hiari, linalohusu kusudi mahususi, na linalotolewa na mtu aliyeelezwa anachokikubali, kwa kauli au kwa kitendo kinachoonekana. Hapo ndipo desturi yetu ya mikutano inapokwama. Tumezoea kuuliza, "Kuna mwenye pingamizi?" kisha kimya kikiingia tunaandika "hakuna aliyepinga." Kimya si kauli wala si kitendo. Huyo aliyenyamaza huenda alikuwa akihesabu pesa za M-Pesa.

Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinaongeza mambo mawili ambayo katibu anapaswa kuyajua. La kwanza, anayechukua data ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. La pili, aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa wakati wowote, ingawa kuiondoa hakuharamishi yaliyofanywa kabla. Ukiyaweka pamoja utaona kwa nini kumbukumbu ndizo ushahidi wenyewe: zisipoonyesha nani aliulizwa, aliambiwa nini na alijibu vipi, kikundi hakina cha kuonyesha.

Utasikia mtu akisema, "Hizo ni sheria za makampuni ya Nairobi, sisi ni chama cha soko." Ni kweli kwamba asasi yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kutojisajili hakuiondolei wajibu wa kuheshimu data ya watu. Sheria imeachilia shughuli za mtu binafsi za nyumbani mwake, na mkutano wa wanachama 19 wenye katiba na daftari la mikopo si shughuli ya nyumbani. Na ofisi hiyo haiangalii makampuni makubwa peke yake: Septemba 2023 ilitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Turudi Chwele, tuufuate mkutano mmoja wa mfano, Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa nane mchana. Kabla ya kugusa simu, katibu anasimama: "Mama mwenyekiti, na kina mama wenzangu, naomba kurekodi sauti ndio niandike vizuri. Nitasikiliza mimi peke yangu. Sitatuma kwa WhatsApp. Tukishathibitisha kumbukumbu mwezi ujao, naifuta mbele yenu. Asiyetaka aseme, hakuna neno." Mwenyekiti anazunguka, kila mmoja anajibu kwa mdomo wake. Mama mmoja mzee anasema, "Mimi sauti yangu isiingie huko." Hakuna anayemuuliza sababu. Wanakubaliana kwamba akitaka kuzungumza, katibu atasimamisha simu na kuandika kwa mkono. Ndipo simu inawashwa, na mwenyekiti anayarudia makubaliano hayo kwa sentensi mbili ili yawe pia ndani ya sauti yenyewe.

Katika kumbukumbu, jambo hili hupewa nambari yake baada ya kufunguliwa kwa mkutano, kabla ya kusomwa kwa kumbukumbu zilizopita. Lisifichwe chini ya "Mengineyo", kwa kuwa huko hufika wakati watu wamesharekodiwa saa mbili nzima. Lingeandikwa hivi:

KUMB. 2/3/2025: KUREKODIWA KWA SAUTI YA MKUTANO
Katibu aliomba kurekodi sauti ya mkutano kwa simu yake ili imsaidie kuandika kumbukumbu. Alieleza kwamba atakayeisikiliza ni yeye pekee, kwamba haitatumwa kwa mtu yeyote, na kwamba itafutwa baada ya kumbukumbu kuthibitishwa. Mwenyekiti aliidhinisha ombi hilo kuwasilishwa kwa wanachama. Wanachama 16 kati ya 17 waliokuwapo waliridhia kwa kutamka, mmoja baada ya mwingine. Mwanachama mmoja hakuridhia; ilikubaliwa kwamba kurekodi kutasimamishwa kila atakapozungumza. Kurekodi kulianza saa 8.20 mchana.

Tazama mambo machache hapo. Kusudi limetajwa, tena ni moja: kuandika kumbukumbu. Kesho mtu akitaka kuitumia sauti hiyo kumshtaki mwenzake mbele ya chifu, hilo si kusudi lililoridhiwa. Aliyekataa hakutajwa jina wala sababu, maana kumwandika kungekuwa kumwadhibu kwa kutumia haki yake. Na neno lililotumika ni kurekodi, si kunasa. Najua tuna kinasasauti, na ni neno halali. Lakini mtu akisoma "sauti za wanachama zilinaswa," atawaza mtego wa panya au wezi waliopatikana usiku.

Hesabu hiyo ya 17 inatukumbusha wa kumi na nane. Huyo alichelewa na gari, akaingia saa 8.45 wakati simu imekwisha washwa. Ridhaa ya wenzake haimfuniki yeye. Mwenyekiti anakatiza mazungumzo kidogo, anamweleza, anamsikiliza. Kumbukumbu huongeza mstari mmoja: "Mwanachama mmoja alifika saa 8.45, akaarifiwa kwamba mkutano unarekodiwa, naye akaridhia." Hii ndiyo sentensi inayosahaulika zaidi, hata na makatibu wenye bidii.

Kisha inakuja ajenda ya mikopo. Mwanachama ambaye hakuhudhuria, aliyetuma udhuru, ana deni la miezi minne, na wenzake wanaanza kueleza ni kwa nini: mume amelazwa, shamba limewekwa rehani, kijana amefukuzwa shule. Kila anayerekodiwa chumbani ameridhia sauti yake irekodiwe, ila anayezungumzwa hayupo wala hajaulizwa. Isitoshe, sheria ya 2019 inazihesabu hali ya afya, mali na habari za familia kuwa data nyeti. Hapa simu huzimwa kabisa, na kumbukumbu husema: "Kurekodi kulisimamishwa saa 9.05 kabla ya kujadiliwa kwa Kumb. 5 na kukarejelewa saa 9.30." Uamuzi wenyewe unaandikwa kwa ufupi: mwanachama aliongezewa muda wa miezi miwili. Hospitali, mume na shamba havihitajiki ili uamuzi huo ueleweke.

Makatibu wengine hufikiri kwamba wakishasimamisha simu basi siri imelindwa. Mara nyingi siri huvujia kwingine. Simu nyingine hutuma nakala za faili kwenye akaunti ya mtandaoni bila mwenyewe kutambua, na faili iliyofutwa hulala kwenye pipa la taka la simu kwa siku kadhaa kabla ya kupotea. Kibaya zaidi ni kumtumia mwenzako sauti "anisaidie kuandika." Ikishatoka, katibu hawezi tena kuapa kwamba imefutwa. Afadhali azime nakala za mtandaoni kabla ya mkutano, na siku ya kufuta afungue pipa pia.

Siku hiyo ya kufuta inafaa kuandikwa chini ya "Yatokanayo" katika mkutano unaofuata, tuseme wa tarehe 12 Aprili 2025: "Baada ya kumbukumbu za tarehe 8 Machi kuthibitishwa, katibu alifuta sauti ya mkutano huo kutoka kwenye simu yake mbele ya mwenyekiti na mwekahazina. Hakuna nakala nyingine." Mpangilio una sababu. Thibitisha kwanza, halafu ufute. Maana anayedai "mimi sikusema hivyo" anastahili kusikilizishwa maneno yake kabla hayajapotea. Na ikiwa ubishi haukuisha siku hiyo, kumbukumbu ziseme hivyo waziwazi: sauti imehifadhiwa kwa sababu ya Kumb. 7 pekee, inashikwa na nani, na itafutwa katika mkutano upi.