Bomba Lililopondwa na Hewa

Chukua bomba refu la chuma lenye kipenyo cha mita 1 na ukuta wenye unene wa milimita 5. Lijaze maji, kisha ongeza shinikizo kwa pampu. Kama chuma chake ni kile cha kawaida cha ujenzi, bomba litavumilia shinikizo la ndani linalozidi hewa ya nje kwa takriban angahewa 23 kabla ukuta wake haujaanza kuvutika. (Angahewa 1 ni uzito wa hewa inayotuzunguka, kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba.) Huo ni mzigo wa maji yaliyosimama kwa kimo cha zaidi ya mita 230.

Sasa litoe maji hayo, ziba ncha zote mbili, na uanze kunyonya hewa iliyomo. Hutafika mbali. Ukishanyonya kidogo zaidi ya nusu ya hewa hiyo, ukuta utabonyea na bomba litalala bapa kwa urefu wa mita kadhaa. Chuma ni kilekile na unene ni uleule, lakini bomba lililohimili angahewa 23 kutoka ndani limeshindwa na nusu angahewa kutoka nje.

Wajenzi wa vituo vya umeme wa maji wana mfano mmoja unaoonyesha pande zote mbili za jambo hili kwa wakati mmoja. Mwaka 1950, kwenye kituo cha Oigawa nchini Japani, mafundi walikuwa katika matengenezo. Mafuta ya mfumo unaoendesha vali yalitolewa, na vali ikajifunga ghafla. Maji yaliyokuwa yakiteremka kwa kasi ndani ya bomba kubwa la kuendeshea mitambo hayakuwa na pa kwenda. Shinikizo likaruka na bomba likapasuka. Mwanya huo ukayatoa maji kwa nguvu kiasi kwamba yaliyokuwa juu yake hayakuweza kuyafuata sawasawa. Safu ya maji ikakatika, na ndani ya bomba la upande wa juu kukabaki ombwe. Hewa ya kawaida, hii tunayoivuta, ikaliponda sehemu kubwa ya bomba hilo. Wafanyakazi 3 walipoteza maisha. Kwa hiyo bomba moja lilipasuka kwa shinikizo la ndani lililozidi, na juu kidogo likabonyea kwa kukosa shinikizo la ndani.

Mara nyingi, hata hivyo, ajali ya namna hii huja bila kishindo cha kwanza. Mafundi wanataka kukagua bomba, wanafunga lango la maji kule juu, wanafungua vali ya chini ili maji yatoke. Kama tundu la kuingizia hewa karibu na lango limezibwa na matope, au vali yake ya hewa imeganda kwa kutu, maji yanayoshuka hunyonya nyuma yao kama pistoni ndani ya sindano ya daktari. Maji yakining'inia kwa kimo cha mita 10 hivi bila hewa kuingia, ombwe linakuwa karibu kamili. Lile bomba letu la milimita 5 halihitaji hata kimo hicho. Kasoro kidogo ya mita 6 inatosha kulimaliza.

Kwa nini upande wa nje uwe na nguvu hivyo? Shinikizo la ndani linauvuta ukuta wa bomba pande zote. Bomba lililokuwa na umbo la yai kidogo hurudi kuwa mviringo, na penye kibonyeo husukumwa kinyooke. Kosa dogo linajirekebisha lenyewe. Shinikizo la nje linafanya kinyume: linaubana ukuta kuuzunguka, na kitu chembamba kinachobanwa hutafuta njia ya kukwepa pembeni. Mahali ambapo ukuta umeingia ndani japo milimita moja, mbano ule unapata mkono wa kuusukuma uingie zaidi, na kadiri unavyoingia ndivyo mkono unavyorefuka. Mwanzoni ugumu wa ukuta unashinda. Shinikizo likivuka kiwango fulani ugumu unashindwa, na tangu hapo hakuna kinachosimamisha.

Ndiyo maana kununua chuma bora zaidi hakusaidii hapa. Chuma chenye nguvu mara mbili kitahimili karibu mara mbili ya shinikizo la ndani. Lakini bomba letu jembamba linabonyea huku chuma chake kikiwa bado mbali na kikomo cha nguvu zake. Kinachopimwa ni ukaidi wa ukuta dhidi ya kupinda, na vyuma vya kawaida, vya bei rahisi kwa vya bei ghali, vina ukaidi unaokaribiana sana. Mhandisi anayejibu tishio la ombwe kwa kuagiza chuma cha daraja la juu na kupunguza unene amelidhoofisha bomba lake, tena kwa gharama.

Unene ndio unaosema. Kwa bomba refu lisilo na pete, uwezo wa kuhimili shinikizo la nje unakwenda na mchemraba wa unene: unene ukiwa mara 2, uwezo unakuwa mara 8. Ukuta wa milimita 5 wa bomba letu unashindwa kwenye angahewa 0.55 hivi. Wa milimita 6 unafika karibu angahewa 0.95, yaani unakaribia kuvumilia ombwe kamili lakini haufiki. Wa milimita 8 unavuka angahewa 2, na wa milimita 10 unavuka 4. Hesabu hizi ni za bomba lililo mviringo kamili, na bomba la namna hiyo halipo. Lililobingirishwa karakanani, likasafirishwa juu ya lori na kulazwa juu ya nguzo zake, huwa limekuwa yai kidogo. Kwa hiyo wabunifu hutaka uwezo wa mahesabu uwe mara 2 au 3 ya mzigo wanaoutarajia.

Mchemraba huo unakata pande zote mbili. Kutu ikila milimita 1 kati ya zile 5, uwezo dhidi ya shinikizo la ndani unapungua kwa moja ya tano tu, jambo ambalo huenda lisimnyime mtu usingizi. Uwezo dhidi ya ombwe unapungua karibu nusu. Bomba lililokuwa likitolewa maji bila tatizo kwa miaka mingi linaweza kubonyea siku moja kwa utaratibu uleule, na kila mtu akaapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Lakini kuongeza unene ni kuongeza uzito. Kila mita ya bomba letu la milimita 5 ina uzito wa kilo 124 hivi. La milimita 10 ni karibu kilo 250. Ukilipandisha bomba hilo mlimani utailipia kila kilo. Hapa ndipo pete zinapoingia.

Aliyeonyesha thamani yake kwa majaribio ni William Fairbairn, mhandisi wa Manchester. Boila za mvuke za wakati wake zilikuwa na bomba kubwa la moto lililopita katikati ya maji, na mvuke ulilibana bomba hilo kutoka nje. Wengi waliamini kwamba urefu wa bomba hauhusiani na nguvu zake. Fairbairn alizitia neli za chuma ndani ya silinda nene la chuma, akasukuma maji kuzizunguka hadi zikabonyea. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1858 yaliipindua imani ile: neli ndefu mara mbili ilishindwa kwa takriban nusu ya shinikizo. Ncha zilikuwa zikiushikilia ukuta ubaki mviringo, na kadiri zilivyokuwa mbali ndivyo zilivyosaidia kidogo. Akapendekeza pete za chuma zifungwe kuzunguka bomba la moto, ili bomba moja refu litende kazi kama mfululizo wa mabomba mafupi.

Kanuni yake ilikuwa na mpaka ambao yeye hakuufikia. Ingefuatwa hadi mwisho, bomba refu sana lisingekuwa na nguvu yoyote. Kwa kweli kuna sakafu, ile angahewa 0.55 ya bomba letu, na bomba hilo linaifikia pete zikiwa umbali wa mita 15 au 16. Pete zilizotengana zaidi ya hapo hazilisaidii bomba kitu, ingawa ukiziona kutoka mbali zinapendeza.

Zisogeze. Pete zikiwa kila baada ya mita 4, bomba lilelile la milimita 5 linahimili zaidi ya angahewa 2. Zikiwa kila baada ya mita 2, linafika karibu angahewa 4.7, juu kidogo ya bomba la milimita 10 lisilo na pete. Tazama gharama yake: pete ya chuma bapa cha milimita 50 kwa 10 ina uzito wa kilo 13 hivi, yaani kilo 6 na nusu kwa kila mita ya bomba. Kilo 6 na nusu zimefanya kazi ambayo, kwa njia ya unene, ingehitaji kilo 124. Zinabaki gharama za uchomeleaji na rangi, lakini pengo bado ni kubwa mno.

Pete lazima isimame kwa ukingo wake, ile milimita 50 ikielekea nje kama ukosi. Fundi akiilaza bapa juu ya bomba kama mkanda, kwa kuwa hivyo ni rahisi kuikunja na kuichomelea, ugumu wake pamoja na ukuta ulio chini yake unashuka mara zaidi ya 10, na inaweza kubonyea pamoja na bomba. Pete iliyokatwa ili kupisha kiunzi na isiungwe tena imeacha kuwa pete. Na mchomo ukirukwa kwa urefu mkubwa, ukuta unapata nafasi ya kujitenga na pete mahali hapohapo.

Pete zina faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu hizo. Kibonyeo kikishaanza kwenye bomba refu, kukiendeleza kunahitaji shinikizo dogo kuliko lililokianzisha, kwa hiyo hukimbia kufuata bomba. Pete ngumu inaweza kukisimamisha, na hasara ikawa kipande kimoja badala ya mlima mzima.

Bomba likishabonyea, umbo lake linaeleza mengi. Lisilo na pete, au ambalo pete zake zilikwenda pamoja nalo, hulala bapa kwa mikunjo miwili iliyokabiliana. Penye pete zilizoshika, ukuta kati yake hujikunja mara nyingi zaidi kuzunguka mduara: kwenye bomba letu, mawimbi 3 pete zikiwa mita 4, na 4 zikiwa mita 2. Mkaguzi akikuta mikunjo miwili tu mahali palipokuwa na pete kila baada ya mita 2, ataanza na michomo ya pete, kisha apande juu kuangalia kama tundu la hewa liko wazi.