Zinki, mrututu na volti 1.10

Kipande cha zinki kikitumbukizwa kwenye maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, rangi ya buluu hupauka, shaba nyekundu huganda juu ya zinki, na maji hupata joto. Zinki imeipa shaba elektroni zake ana kwa ana, na nishati yote imepotelea kwenye joto.

Mwaka 1836 John Frederic Daniell, mkemia wa London, alitengeneza seli inayozitenganisha metali hizo mbili. Maabara za shule huiunda kwa bika mbili: zinki ndani ya salfeti ya zinki, shaba ndani ya mrututu, na waya kati yao. Zinki ni anodi. Huyeyuka na kuacha elektroni. Elektroni hupita kwenye waya hadi kwenye shaba, kathodi, ambako ioni za shaba huzipokea. Bila daraja la chumvi, chaji chanya ingejazana upande wa zinki, chaji hasi upande wa shaba, na mkondo ungekatika papo hapo. Mwanafunzi anayeona voltimita ikisoma sifuri aanze kukagua daraja hilo.

Mtihani huuliza: ikiwa potensho ya shaba ni +0.34 V na ya zinki ni −0.76 V, tafuta badiliko la nishati huru. Kathodi ikitoa anodi:

E° = 0.34 − (−0.76) = 1.10 V

Volti moja ni juli moja kwa kila kuloni ya chaji. Kwa hiyo kinachobaki ni kujua kuloni ngapi zimepita. Kila atomu ya zinki hutoa elektroni 2, na moli moja ya elektroni hubeba kuloni 96,500:

ΔG° = −nFE° = −2 × 96,500 × 1.10 = −212,300 J

Hiyo ni takriban −212 kJ kwa kila moli ya zinki, gramu 65 hivi. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba mmenyuko huenda wenyewe, na 212 kJ ndiyo kazi kubwa kabisa ya umeme inayoweza kupatikana, mkondo ukichotwa polepole.

Hapa wengi huteleza. Mlinganyo ukizidishwa kwa mbili, wao huzidisha na volti. La! Elektroni zimekuwa 4 na ΔG° imekuwa maradufu, lakini kila kuloni bado hubeba nishati ileile, hivyo E° hubaki 1.10.

Thamani hizo ni za nyuzi 25 za Selsiasi, kila mmumunyo ukiwa na moli 1 kwa lita. Seli ikitumika, shaba hupungua na zinki huongezeka. Hata hivyo, bika zikiwa na ujazo sawa, sehemu tisa kati ya kumi za ioni za shaba zikishatumika, hesabu ya Nernst bado hutoa karibu 1.06 V, yaani ΔG ya −205 kJ kwa moli. Volti huporomoka mwishoni kabisa, na zikifika sifuri, ΔG nayo ni sifuri: betri imekufa.