Mfasiri anaporudi kwa noteri: barua moja kuhusu cheti cha ndoa cha Riyadh

Ndugu msomaji, ukiwa na cheti cha ndoa kilichoandikwa Kiarabu na unataka kumleta mwenzi wako hapa Marekani, tafadhali soma habari hii kabla hujalipa mtu yeyote akufasirie. Inahusu familia moja tuliyoihudumia. Wenyewe wameniruhusu kuieleza, ila majina si yao. Mke nitamwita Pili. Mume nitamwita bwana tu.

Bwana ni Mbarawa. Ujanani alifanya kazi ya dukani mjini Riyadh, katika mtaa wa kale wa Al-Dira, karibu na Ngome ya Masmak. Huko ndiko alikomwoa Pili, mjane kutoka Mombasa. Juni 2016 bwana aliondoka Saudia, akakaa Kenya, na baada ya miaka akaletwa hapa kama mkimbizi. Pili alibaki kazini Jeddah. Mkimbizi aliyefika hapa ana miaka miwili ya kuwaombea mke na watoto kwa Fomu I-730. Bwana alipokuja ofisini kwetu alikuwa amebakiwa na wiki tisa.

Tafsiri ya cheti alikuwa nayo tayari, ina saini ya mfasiri na muhuri mwekundu wa noteri. Ilipendeza kuitazama. Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa karatasi hiyo, ndoa ilifungwa Septemba 2016, yaani miezi mitatu baada ya bwana kuondoka Riyadh. Pia ilisema Pili ni mwanamke aliyeachwa kwa talaka, wakati fomu ilisema ni mjane. Jina lake nalo lilikuwa Bili.

Nilimpigia simu mfasiri, mama mmoja anayefanya kazi hiyo peke yake nyumbani. Hakubisha. Aliomba aone cheti chenyewe, maana mara ya kwanza alitumiwa picha ya simu tu, tena iliyokatwa pembeni. Siku mbili baadaye aliandika upya tafsiri yote, akamwandikia noteri barua hii. Ilikuwa ya Kiingereza. Hapa nimeiweka kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa Noteri,

Wiki tatu zilizopita niliapa na kusaini mbele yako tamko kwamba tafsiri yangu ya cheti cha ndoa kutoka Riyadh ni kamili na sahihi. Sasa nimekiona cheti halisi na nimegundua kuwa tamko lile halikuwa sahihi. Makosa ni yangu, si ya wanandoa.

Tarehe iliyo kwenye cheti ni 12/3/1437 ya Hijria. Waarabu hutanguliza siku, kisha mwezi. Mimi niliiandika kwenye kikokotoo kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, nikapata mwezi wa kumi na mbili. Tarehe sahihi ni 12 Rabiul Awwal 1437, sawa na 23 Desemba 2015. Katika tafsiri mpya nimeacha tarehe ya Hijria kama ilivyo na kuweka ya Miladia kwenye mabano.

Hali ya bibi harusi imeandikwa kwa neno 'thayibu'. Nilifasiri 'ametalikiwa'. Neno hilo humaanisha mwanamke aliyewahi kuolewa, bila kusema kama aliachwa au alifiwa. Nimeandika 'aliyewahi kuolewa'.

Jina la bibi harusi nimeliandika Pili, kama lilivyo katika pasipoti yake, na nimeongeza maelezo kwamba Kiarabu hakina herufi ya sauti hiyo, ndiyo maana imetumika herufi ya B.

Pembeni mwa cheti kuna mistari miwili ya mwandiko wa mkono na muhuri ambayo haikuonekana kwenye picha. Nimeifasiri yote.

Sikubadilisha mwaka wa kuzaliwa wa bwana harusi, ingawa hautofautiani na pasipoti yake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ndivyo ulivyo kwenye cheti.

Naomba usirekebishe chochote kwenye karatasi ya zamani, wala muhuri wake usihamishwe. Nitakuja na tamko jipya, nile kiapo upya, nawe uweke tarehe ya siku hiyo. Nakala hii ya barua uiweke pamoja na kumbukumbu zako, ili ukiulizwa kwa nini kuna viapo viwili juu ya cheti kimoja, uwe na jibu."

Sasa tuitazame barua hii, maana kila kipengele chake kinaweza kukukuta.

Tuanze na noteri mwenyewe. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo noteri ni mtu mzito. Kule Kongo ni ofisa wa serikali, na Saudia kuna katibu adili anayethibitisha hati zenyewe. Hapa Marekani mambo ni tofauti. Noteri anaweza kuwa karani wa benki au mwenye duka la vifurushi. Hajui Kiarabu na hatakiwi kukijua. Muhuri wake unasema tu kwamba mtu fulani alifika mbele yake, akaonyesha kitambulisho, akaapa na kusaini. Hausemi kwamba tafsiri ni sahihi. Ndiyo maana ile karatasi nzuri yenye muhuri mwekundu iliweza kubeba makosa matatu makubwa.

Isitoshe, USCIS haidai muhuri wa noteri kwenye tafsiri. Kanuni yao, 8 CFR 103.2(b)(3), inataka tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba ana uwezo wa kufasiri lugha hiyo. Basi. Kwa nini basi mama yule alihangaika kurudi kwa noteri? Kwa sababu alikwisha kula kiapo, na kiapo hicho bado kilikuwa kimesimama juu ya maneno yasiyo kweli. Kama angetoa tafsiri ya pili kimyakimya, familia ingebaki na karatasi mbili zinazopingana, na ofisa akiziona zote mbili angeweza kudhani wanandoa ndio waliobadilisha tarehe. Barua inaonyesha nani alikosea, wapi, na kwa nini.

Tarehe ndiyo iliyotutisha zaidi, lakini ndiyo iliyokuwa rahisi kugundua. Nilipomuuliza Pili kwa simu walioana lini, alicheka: "Mwanangu, siku ya Maulidi! Mwezi kumi na mbili, Mfungo Sita." Watu wa pwani huhesabu miezi kuanzia mwisho wa Ramadhani, kwa hiyo Rabiul Awwal, mwezi wa tatu kwenye kalenda ya Saudia, kwetu ni Mfungo Sita. Mwezi wa kumi na mbili, Dhulhija, ndio Mfungo Tatu. Sikushangaa mfasiri kupotea. Wewe ukipewa tafsiri, uliza moyo wako: msimu ulikuwa upi, tulikuwa karibu na mfungo au na hija? Kama tarehe ya Kiingereza inaangukia msimu mwingine kabisa, mtu amegeuza siku na mwezi. Ikiachana kwa siku moja tu usihofu. Kalenda ya mwezi huleta tofauti hiyo, na ndiyo sababu tarehe ya Hijria isiondolewe.

Neno "thayibu" lina hatari ya kimyakimya. Anayemwombea mwenzi wake lazima aonyeshe kwamba ndoa zote za nyuma zilikwisha. Tafsiri ikisema "ametalikiwa", ofisa ataomba hati ya talaka. Pili angeitoa wapi? Mume wake wa kwanza alifariki. Hati ya kuombwa Mombasa ilikuwa ya kifo. Angalia pia kwamba mfasiri hakuandika "mjane", ingawa sote tulijua kuwa ni mjane. Cheti hakisemi hivyo katika nafasi ile, na mfasiri hana ruhusa ya kusema zaidi ya karatasi. Bahati nzuri, ile mistari ya pembeni iliyokatwa kwenye picha ilikuwa maandishi ya maadhuni, yule afungishaye ndoa kwa kibali cha Wizara ya Sheria: aliandika kwamba ameona hati ya kifo cha mume wa kwanza. Jibu lote lilikuwa pale pembeni. Kwa hiyo usimtumie mfasiri picha ya haraka. Mpe cheti chenyewe au nakala safi, pande zote mbili, pembe zote nne zikionekana, kila muhuri na kila mwandiko.

Kuhusu majina, wenye Chausiku, Vumilia na Pili mjiandae. Kiarabu hakina herufi za kawaida za P, CH wala V, na irabu fupi haziandikwi, kwa hiyo mfasiri asiyewajua hubahatisha. Mpelekee nakala ya pasipoti siku hiyohiyo.

Kisha kuna ule mwaka wa kuzaliwa. Cheti kinasema 1985, pasipoti 1984. Bwana alimsihi sana mfasiri aubadilishe, "si mwaka mmoja tu, dada yangu?" Mfasiri alikataa, na mimi nilikuwa upande wake, ingawa nilimhurumia bwana. Mimi nimetoka Nyarugusu; najua ni wangapi kati yetu tulizaliwa kwa kalamu ya karani wa kambi, wote tarehe 1 Januari. Lakini kosa la tafsiri hurekebishwa na mfasiri, na kosa la cheti hurekebishwa na waliotoa cheti. Mfasiri akisahihisha cheti ndani ya tafsiri, hiyo ni kughushi, na mwenye kubeba lawama atakuwa mwombaji. Bwana aliandika hati ya kiapo fupi kueleza tofauti ile, akaambatanisha pasipoti na barua ya usajili wake wa ukimbizi yenye 1984.

Mfasiri alirudi kwa noteri siku ya Jumanne, akala kiapo, akasaini. Karatasi ya zamani tulichora mstari mmoja juu yake na kuandika "imebadilishwa", tukaiweka kwenye faili letu, hatukuichana. Fomu iliondoka ikiwa na nakala ya cheti cha Kiarabu, tafsiri mpya, hati ya kifo kutoka Mombasa na nakala ya barua ile, wiki tano kabla ya miaka miwili kutimia.

Kama wewe ulikwisha kutuma tafsiri yenye kosa, usingoje wakuulize. Lete risiti ya maombi yako ofisini, tutume tafsiri mpya na barua ya maelezo tukitaja namba ya risiti hiyo. Na kama barua ya kuomba ushahidi zaidi imekwisha kukufikia, ilete siku hiyohiyo bila kungoja miadi: muda wake hauzidi wiki 12, na tarehe iliyoandikwa humo haiongezwi.