Ubeti mmoja ukutani: Jinsi ya kutunga shairi la ujirani mwema

KATIKA mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ukuta umewahi kupewa kazi ya kuhubiri amani. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliandika ujumbe wa amani kwenye kuta na milango ya mtaa huo. Mwaka wa 2015, mradi wa msanii Yazmany Arboleda ulipaka makanisa na misikiti kadhaa ya huko rangi moja ya manjano.

Rangi huvuta macho, lakini maneno ndiyo yanayobaki kinywani mwa mpita njia. Ndiyo maana baadhi ya wachoraji hutaka ubeti mfupi chini ya mchoro wao. Kuutunga si kazi rahisi, kwa kuwa neno moja lililowekwa vibaya laweza kumfanya jirani aone kwamba ukuta si wake.

Tuchukue mfano wa mchoro unaoonyesha majirani wakipanga mitungi kwenye foleni ya maji, nyuma yao ukiwepo mnara wa msikiti na msalaba wa kanisa. Mtunzi mchanga huenda akaanza hivi: "Sisi sote ni ndugu, tupendane siku zote." Kipande cha kwanza kina mizani saba na cha pili minane, kwa hivyo mshororo unachechemea. Kosa kubwa zaidi ni kwamba mshororo huo waweza kubandikwa chini ya mchoro wowote. Hauna maji, hauna mtungi, wala hauna jirani.

Sasa tazama ubeti huu wa tarbia, yaani wa mishororo minne:

Msikiti na kanisa, kisima chao kimoja,
Akilia mwana Musa, Maria wa kwanza kuja,
Njaa haijui misa, wala adhana kungoja,
Ujirani si anasa, ni hitaji la pamoja.

Kila mshororo una mizani 16, minane katika ukwapi na minane katika utao. Kina cha kati ni "sa" na cha mwisho ni "ja". Wengi hukosea kwa kuhesabu herufi badala ya silabi. Katika neno "msikiti", sauti "m" ni silabi kamili, hivyo neno hilo lina mizani minne. Katika "njaa", sauti "nja" ni silabi moja, na neno zima lina mbili. Njia ya kujikagua ni kuusoma mshororo kwa sauti huku ukipiga kofi kwa kila silabi.

Mpangilio nao una maana. Mshororo wa kwanza unatanguliza msikiti, na wa tatu unatanguliza misa, ili upande mmoja usionekane kuwa mbele daima. Jina Musa limechaguliwa kwa sababu Waislamu na Wakristo wote huwapa wana wao. Neno "sala" limeepukwa makusudi: Waislamu wengi huliandika "swala" na Wakristo "sala", na tahajia yoyote ambayo ingetumiwa ingeelemea upande mmoja.

Hata hivyo, ubeti huu una mipaka yake. "Misa" ni neno la Wakatoliki zaidi, na Mprotestanti aweza kuuliza mbona ibada yake haikutajwa. Iwapo mtaani pana hekalu la Wahindu, mshororo wa kwanza unamwacha mtu nje. Kuweka "Nyumba zetu za ibada" mahali pake kunatosheleza mizani, lakini kunavunja kina cha "sa", na mtunzi atalazimika kuzibadilisha kwapi nyingine zote. Kwa hivyo, ni heri rasimu isomwe mbele ya wazee wa kila dini kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Kufuta karatasi ni rahisi kuliko kufuta ukuta.

Mwisho ni suala la nafasi. Ili mtu aliye umbali wa mita 12 asome bila kukaza macho, herufi zahitaji kimo cha sentimita 10 hivi. Mshororo wetu wa kwanza una herufi 31. Ukijumlisha nafasi na alama, utachukua zaidi ya mita mbili na nusu. Ukuta ukiwa mfupi, usipunguze neno hata moja. Kata kila mshororo penye koma, uandike ukwapi juu na utao chini yake. Ubeti utakuwa na mistari minane, lakini mizani na vina vitabaki vilivyo, na mtoto anayesubiri mtungi wake ujae ataweza kuukariri kabla foleni haijasonga.